Sisaini Tena Barua Nisiyoiandika

Barua mbili ziliwekwa mbele yangu mezani, katika ofisi ndogo ya tawi la benki mjini Tukuyu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Rungwe mpaka barabarani, saa nne asubuhi magari yalikuwa bado yanapita yamewasha taa. Dada aliyeniita alichukua rula, akafunika majina ya wanafunzi juu ya kila barua, akaniambia, "Soma, Mwalimu."

Nikasoma. Barua ya kwanza ilisema mwanafunzi huyu ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu, anayejituma na anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Barua ya pili ilisema hivyo hivyo, neno kwa neno, koma kwa koma. Hata aya ya tatu haikubadilika: barua ya pili nayo ilimtaja kwa jina mwanafunzi wa barua ya kwanza. Aliyeinakili alisahau kufuta.

Chini ya zote mbili kulikuwa na sahihi moja na muhuri mmoja. Sahihi ilikuwa yangu.

"Sasa, Mwalimu," akasema yule dada bila kupandisha sauti, "nafasi ni moja, na ni kitengo cha usalama. Nimwamini yupi?"

Mmoja nilimkumbuka vizuri. Wa pili, hata rula ilipoondolewa na jina nikaliona, sura yake haikunijia. Nilikuwa nimeiambia benki, kwa muhuri wa idara, kwamba ni mwaminifu mtu ambaye ningepishana naye stendi ya Uyole nisimjue.

Naandika haya kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni dhidi yangu mwenyewe. Lakini siko peke yangu. Kila mhadhiri anayesoma hapa anaujua mchezo huu. Mwanafunzi anabisha hodi, anaamkia, anaeleza kwamba anaomba fildi na wametaka barua ya mapendekezo. Sisi tuko na rundo la karatasi za kusahihisha. Tunamjibu, "Nenda kaandike mwenyewe, ulete nisaini." Anakwenda stesheneri, kijana wa stesheneri anafungua barua ya mwaka juzi, wanabadilisha jina, wanachapa. Jioni tunasaini tumesimama mlangoni, kalamu juu ya mgongo wa faili. Tunaita huo ni msaada.

Si msaada. Barua ya mapendekezo ni ushahidi wa mtu aliyeona. Kama sikuiandika na sikuisoma, basi shahidi hayupo, na mwenye kujisifu kwa jina langu ni mwombaji mwenyewe. Anayeomba kulinda mifumo ya benki ameanza safari yake kwa hati inayodanganya imetoka kwa nani, na aliyemfundisha kufanya hivyo ni mwalimu wake.

Wenzangu wanasema madarasa yamejaa, mhadhiri mmoja ana wanafunzi 200, atamjuaje kila mtu? Hoja hiyo inajijibu yenyewe. Kama humjui, mwambie humjui. Mwelekeze kwa aliyemsimamia mradi wa mwaka wa pili, au kwa mtaalamu wa maabara aliyekaa naye Jumamosi nzima wakifunga nyaya. Kumkatalia mtu barua kunaumiza dakika tano. Barua tupu inamuumiza miaka, kwa sababu inakaa kwenye faili pamoja na barua nyingine 30 zinazofanana nayo, na afisa wa benki anajifunza kwamba barua za chuo kile hazina maana yoyote.

Wanaosoma usalama wa mifumo wanalijua hili kwa mfano mwingine. Mwaka 2011 kule Uholanzi kulikuwa na kampuni iliyoitwa DigiNotar. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha: ilitoa vyeti vya kidijitali vinavyoiambia kompyuta yako kwamba tovuti unayoifungua ni yenyewe kweli. Wadukuzi waliingia, wakatoa vyeti zaidi ya 500 vya uongo, kikiwemo cha Google, na watumiaji wa baruapepe nchini Iran wakasomewa barua zao. Kampuni iligundua mapema, ikanyamaza. Habari ilipovuja, vivinjari viliondoa jina lake kwenye orodha ya wanaoaminika, na kabla ya mwezi Septemba kuisha ilikuwa imefilisika. Vyeti vyake vya kweli, vya wateja wasio na kosa, vilikufa pamoja na vile vya uongo. Tunawafundisha wanafunzi kisa hiki darasani, halafu tunatoka nje ya darasa na kusaini karatasi za stesheneri.

Tuseme sasa benki inatafuta nini hasa, maana nadhani wengi wetu hatujui. Mwanafunzi wa fildi kwenye kitengo cha usalama hagusi fedha. Mara nyingi hapewi hata ruhusa ya kubadili kitu chochote kwenye mfumo. Anakaa pembeni ya mtu mwenye kazi yake, anasoma kumbukumbu za nani aliingia saa ngapi, anapitia orodha ya wafanyakazi waliohama ili kuona kama akaunti zao zimefungwa, anasoma malalamiko ya wateja walioibiwa. Lakini katika wiki nane za kukaa pembeni anajua kamera ipi haioni, ruhusa ipi imesahaulika wazi, na tahadhari ipi wafanyakazi wanaipuuza kwa sababu inalia kila siku. Fildi ikiisha, anaondoka na yote hayo kichwani. Kadi ya mlangoni atairudisha. Alichokijua hakirudishwi.

Ndiyo maana akili si swali kubwa la benki. Akili inaonekana kwenye matokeo: ana wastani wa 3.9 kati ya 5, basi, hilo halihitaji barua. Benki inataka kujua mtu huyu alifanya nini siku aliyokuta mlango wazi na hakuna aliyemwona. Jambo hilo haliko kwenye cheti chochote. Linajulikana na mwalimu aliyekaa naye miaka mitatu, na mwalimu huyo ndiye anayeleta karatasi iliyoandikwa "mchapakazi".

Kuna aina mbili za barua zilizo mbaya kuliko hata hiyo tupu, na zote mbili huandikwa kwa mapenzi.

Ya kwanza ni barua ya kusifia udukuzi. Mhadhiri anaandika kwa fahari: kijana huyu ni mkali sana, aliwahi kuingia kwenye mfumo wa matokeo wa chuo akatuonyesha udhaifu wake. Mwandishi anaona amempandisha mtoto. Afisa wa benki anaona kitu kingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila ruhusa, na adhabu yake inafika kifungo. Kama aliyeingia hakupewa ruhusa, barua imekiri kosa kwa niaba yake, kwenye karatasi yenye nembo ya chuo. Kama alipewa ruhusa, barua haikusema nani alimpa, lini, na mpaka wake ulikuwa wapi. Kwenye kazi hii, kinachomtenganisha mtaalamu na mhalifu ni ruhusa. Barua isiyoitaja ruhusa imekosa jambo lenyewe.

Ya pili ni barua ya huruma, na hii inanikera zaidi kwa sababu inawaangukia watoto wa kwetu, wa Kandete na Masukulu. Mhadhiri anataka kusaidia, anaandika kwamba kijana ni yatima, bibi yake anaishi kwa kuuza ndizi, mdogo wake ni mgonjwa na ndiye anayemlipia matibabu. Kwanza, habari hizo si zake kuzitoa. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazoziita nyeti. Huwezi kuzichapa na kuzisambaza benki tatu bila mwenyewe kukubali. Pili, fikiria anayezisoma ni nani. Mmarekani Donald Cressey aliwahi kuzungumza magerezani na watu waliofungwa kwa kuiba fedha walizokabidhiwa. Akaeleza kwamba wizi wa namna hiyo huja pale mambo matatu yanapokutana: shida ya fedha ambayo mtu anaona hawezi kumwambia yeyote, nafasi ya kuiba bila kuonekana, na maneno ya kujihalalishia moyoni. Wakaguzi wa benki dunia nzima wanafundishwa pembetatu hiyo. Wewe umeandika kuomba huruma, wao wanasoma upande wa kwanza wa pembetatu. Ni uonevu, kwa sababu masikini wengi hawaibi, na wanaoyaibia mabenki makubwa si watoto wa wauza ndizi. Lakini barua inapelekwa kwa msomaji aliyepo.

Basi nilitoka pale benki, nikashuka stendi, nikasubiri kosta ya Mbeya na aibu yangu. Njiani, baada ya Kiwira, nikaanza kuandika upya barua ya yule mmoja niliyemkumbuka. Hiki ndicho nilichokuwa nacho.

Nilimfundisha mihula miwili. Mwaka wa pili, darasa langu lilikuwa na mfumo mdogo wa kutazama alama za mazoezi, uliotengenezwa haraka. Ukiingia, juu ya kioo ilionekana anwani inayoishia na namba yako, hivi:

```
matokeo.php?id=2041
```

Jioni moja kijana huyu aliandika namba yake kwa mkono kwenye simu, akakosea tarakimu ya mwisho, akaweka 2042. Mfumo ulipaswa kuuliza, wewe ni 2042? Haukuuliza. Ukamfungulia alama za mwenzake, jina na yote. Wanafunzi wengi wa fani hii wangefanya nini hapo? Wangejaribu 2043, halafu 2044, halafu wangeandika programu ya mistari sita ipite darasa zima, na asubuhi wangekuja kuniringia. Yeye alifunga ukurasa. Akaniandikia baruapepe fupi: Mwalimu, nimekosea namba nikaona alama za mtu mwingine, sijajaribu namba nyingine, sikupiga picha, hatua nilizofuata ni hizi. Niliangalia kumbukumbu za seva baadaye. Namba 2042 ilifunguliwa mara moja. Hakuna namba nyingine.

Niliuzima mfumo usiku ule ule. Na baada ya yote hayo, nilipoombwa kuandika juu ya mtu huyu, nilisaini "mchapakazi"! Nilikuwa na dhahabu mfukoni nikamlipa kokoto.

Barua mpya ilisema haya, na naiweka hapa ili anayetaka aichukue kama umbo, ila yaliyomo ayatafute mwenyewe:

"Nimemfundisha mwombaji masomo mawili, mwaka wa pili na wa tatu, na nimemsimamia mradi wake. Simjui nje ya chuo. Siwezi kusema lolote kuhusu rekodi yake polisi au hali yake ya fedha. Ninachoweza kuthibitisha ni nilichokiona. Mwaka wa pili alikutana kwa bahati na kasoro iliyomwezesha kuona alama za wenzake. Hakuitumia. Alinitaarifu siku hiyo hiyo kwa maandishi, na kumbukumbu za seva nilizozikagua zinalingana na maelezo yake. Anaweza kusoma kumbukumbu za mifumo na kueleza kwa Kiswahili rahisi kilichotokea. Mazoezi ya kujaribu udhaifu ameyafanya kwenye maabara ya chuo tu, kwa ruhusa yangu. Hajawahi kufanya kazi kwenye mfumo unaohudumia wateja, na huchelewa kuomba msaada anapokwama. Atahitaji msimamizi wa kumuuliza kila jioni. Anazungumza Kinyakyusa. Nampendekeza. Barua hii naituma mwenyewe kwa baruapepe ya chuo, na napatikana kwa simu ya idara."

Wenzangu wawili waliisoma wakashtuka kwa sababu mbili. Ya kwanza, mbona umetaja kasoro yake? Kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu barua isiyo na kasoro hata moja haimhusu binadamu. Afisa akiona nimesema anachelewa kuomba msaada, ndipo anapoamini niliposema hakuitumia ile kasoro ya mfumo. Tena kuchelewa huko ni kasoro yenye uzito kwenye kazi hii: mtu anayeficha kwamba amekwama anaweza kuacha tahadhari bila kujibiwa mpaka asubuhi. Msimamizi akijua mapema, anaizuia.

Ya pili, Kinyakyusa kinaingiaje kwenye usalama wa mifumo? Hapa naomba watu wa Mbeya na Dar es Salaam wanisikilize. Tawi la wilayani halina chumba cha vioo chenye kuta za kompyuta. Mifumo inaendeshwa kutoka makao makuu. Usalama unaovunjika Rungwe unavunjikia mikononi mwa wateja. Mzee wa Katumba amelipwa fedha zake za chai, ujumbe unaingia kwenye simu: ile hela tuma kwenye namba hii. Kweli alikuwa na mtu wa kumtumia hela siku hiyo, anatuma. Mama aliyeuza parachichi anakwenda kwa wakala kutoa fedha, macho hayaoni vizuri, anamtajia wakala namba ya siri kwa sauti, na foleni nzima inasikia. Mwingine anapigiwa simu na anayejiita mfanyakazi wa benki, anatajiwa mpaka jina lake la ukoo, anatoa kila anachoulizwa. Hakuna mdukuzi hapo aliyevunja ukuta wowote wa kompyuta. Kijana anayeweza kukaa kwenye benchi na mama huyo, akamuuliza kwa lugha yake hatua kwa hatua alipigiwa saa ngapi, namba gani, akaambiwa nini, kisha akaandika taarifa ambayo makao makuu wataielewa na kuifanyia kazi, anafanya kazi ya usalama zaidi kuliko aliyeandika kwenye maombi yake kwamba anajua zana 12 za udukuzi.

Na kijana huyo anataka Tukuyu kwa sababu nyingine ambayo haiandikwi. Wiki nane Dar es Salaam ni kodi ya chumba, nauli na chakula, na fildi nyingi hazilipi. Tukuyu atakula mbalaga kwao. Wenye wajomba makao makuu hawahitaji barua yangu. Simu moja inatosha, na nafasi inafungwa kabla haijatangazwa. Mtoto wa mkulima hana mjomba. Ndugu pekee aliye naye ndani ya benki ile ni karatasi moja, na karatasi hiyo tumekuwa tukimpa ikiwa bubu. Ninaposikia mhadhiri akilaumu kwamba nafasi zote zinakwenda kwa konekisheni, nataka kumuuliza barua yake ya mwisho aliiandika lini, kwa mkono wake, juu ya mtu mmoja.

Mabenki nayo nisiyaache. Yanadai barua, yanaziweka kwenye faili, hayapigi simu. Barua ikija kwa mkono wa mwombaji ndani ya bahasha ya kaki, na baruapepe ya mhadhiri imeandikwa ya bure isiyo ya chuo, hakuna anayeuliza. Muhuri unachongwa kwa siku moja mjini, kila mtu anajua. Kitengo kinachowafundisha wateja wasiamini simu ya mtu wasiyemjua kinaamini karatasi ya mtu kisiyemjua. Kupata namba ya chuo kwenye tovuti ya chuo, si kwenye barua yenyewe, na kumuuliza mhadhiri maswali mawili ni kazi ya dakika kumi. Asiyeweza kazi hiyo aache kudai barua, awapunguzie watoto gharama ya kuchapa.

Ile ya pili, ya mwanafunzi nisiyemkumbuka, niliiandikia benki kuiondoa. Nilimwita mwenyewe nikamweleza kwa nini, nikamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema yuko mwalimu wa maabara anayemjua vizuri, ila hakuthubutu kumwomba kwa sababu hana cheo. Nikamwambia huyo ndiye.

Barua mpya niliituma Jumanne. Alhamisi, saa tano kasoro, simu ya idara ikaita. Alikuwa yule dada wa Tukuyu. Hakuuliza kama kijana ni mchapakazi. Aliuliza kitu kimoja:

"Mwalimu, tangu alipoona zile alama mpaka alipokuandikia, ulipita muda gani?"

Nilikuwa na kumbukumbu za seva na baruapepe yake wazi mbele yangu. Nikamsomea saa zote mbili. Dakika 14.

"Haya," akasema. "Aje Jumatatu."